Ng'ombe wa Maziwa Katika Joto la Pwani

Ng'ombe wa maziwa wa damu ya Friziani huwa na raha hewa inapokuwa kati ya nyuzi joto 5 na 25 za Selsiasi. Ikizidi hapo, mwili wake huanza kazi ya ziada ya kujipoza, na kazi hiyo hulipiwa kwa maziwa. Katika mkoa wa Tanga tofauti hii huonekana ndani ya safari ya saa chache. Lushoto, juu katika milima ya Usambara, mtamba chotara wa Friziani hula mchana kutwa bila kuhema, na usiku hupata ubaridi wa kutosha. Mwenzake wa Muheza, Pangani au Tanga mjini hukutana na hali nyingine kabisa kuanzia Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, ambapo mchana joto hufika nyuzi 32 na usiku mara nyingi halishuki chini ya 24. Mbegu ni ileile, majani ni yaleyale, lakini ndoo ya kukamulia haijai sawasawa.

Pwani ya Tanga ina wafugaji wadogo wengi wa ng'ombe wa kisasa wanaolishwa bandani, na maziwa yao ndiyo yanayoendesha vituo vya kukusanyia maziwa na kiwanda cha Tanga Fresh. Kwa hiyo joto si jambo la kando kwao. Hurudi kila mwaka kwa miezi ileile, na kwa kuwa linajulikana lini litakuja, linaweza kuandaliwa mapema.

Joto linalotoka ndani

Watu wengi hufikiri joto la ng'ombe ni la jua tu. Kumbe sehemu kubwa huzaliwa tumboni mwake. Katika rumeni, lile tumbo kubwa la kwanza, vijidudu visivyohesabika huchachusha majani ili ng'ombe apate nguvu, na kuchachuka huko hutoa joto saa zote. Kutengeneza maziwa nako hutoa joto. Ng'ombe anayekamuliwa lita 15 ana moto mwingi ndani kuliko anayekamuliwa lita 3, na ndiyo maana joto likipanda anayeumia kwanza ni yule bora zaidi katika banda. Ng'ombe wa asili, mwenye mwili mdogo, ngozi iliyolegea na maziwa machache, hupita kaskazi bila dalili kubwa. Mfugaji akimwangalia huyo na kusema kuwa ng'ombe huzoea, anamhukumu mnyama mwingine kabisa.

Joto hilo lazima litoke. Hewa ikiwa baridi, hutoka lenyewe kupitia ngozi kwenda hewani, na kupitia tumbo kwenda kwenye sakafu ng'ombe anapolala. Hewa ikikaribia joto la mwili wake, njia hizo karibu zifungike, na hubaki moja tu, nayo ni maji kugeuka mvuke, ama jasho juu ya ngozi ama unyevu wa mapafu anapohema. Hapo ndipo pwani huwa ngumu. Hewa ya pwani tayari imejaa unyevu, kwa hiyo jasho halikauki upesi, na jasho lisilokauka halipozi kitu.

Wataalamu wa mifugo huunganisha joto na unyevu katika kipimo kimoja. Zamani ilikubalika kwamba ng'ombe wa maziwa huanza kuathirika kipimo hicho kikifika 72. Utafiti wa baadaye kwa ng'ombe wanaotoa maziwa mengi ulishusha kiwango hadi 68. Mchana wa nyuzi 32 wenye unyevu wa asilimia 75 hutoa 85, ambayo ni hatari ya wazi. Lakini jambo la kutazamwa zaidi ni usiku, kwa kuwa nyuzi 24 zenye unyevu wa asilimia 90, hali ya kawaida ya usiku wa Februari kando ya bahari, hutoa 74. Maana yake ni kwamba hata mfugaji anapojifunika shuka na kuona kumepoa, ng'ombe wake bado yuko juu ya kiwango. Katika nchi kavu, kama Dodoma, mchana huweza kuwa mkali zaidi, lakini usiku humpa mnyama nafasi ya kutoa joto alilokusanya. Pwani nafasi hiyo ni finyu, na joto la jana huingia katika la leo.

Maziwa yanapotea wapi

Jambo la kwanza ng'ombe mwenye joto hulifanya ni kupunguza kula, kwa sababu kila tonge la majani ni kuni zaidi tumboni. Ni rahisi kudhani kwamba hiyo ndiyo sababu yote ya maziwa kushuka. Majaribio ambayo ng'ombe mmoja aliwekwa kwenye joto na mwingine akakaa kwenye ubaridi huku akilishwa kiasi kilekile kidogo yalionyesha kuwa njaa hueleza nusu tu ya upungufu, au hata chini ya hapo. Nusu nyingine inatoka katika mwili wenyewe. Damu nyingi hupelekwa kwenye ngozi ili ipoe, na kiwele hupata kidogo. Homoni ya insulini huongezeka, na ng'ombe hashiki mafuta ya mwili wake kuyageuza nguvu kama afanyavyo ng'ombe mwenye njaa ya kawaida. Sukari ya damu ambayo ingetengeneza lakitosi ya maziwa hutumiwa kwingine.

Athari hii huchelewa. Joto kali la Jumatatu huonekana katika ndoo ya Jumatano, kwa kuwa kilele cha upungufu huja baada ya siku moja au mbili. Ndiyo maana lawama mara nyingi huangukia pumba mpya iliyonunuliwa jana, au kijana anayekata majani, na joto lenyewe halitajwi.

Kuna madhara mengine yasiyoonekana haraka. Ng'ombe anayehema sana hutoa hewa ya kaboni nyingi kuliko kawaida, na ili damu isipoteze mizani yake, figo humwaga bikaboneti kwenye mkojo. Bikaboneti hiyo ndiyo ambayo mate yangeipeleka rumeni kupunguza asidi. Mate yenyewe nayo hudondoka chini badala ya kumezwa, na kwa kuwa hali kwa wingi wala hacheui vya kutosha, hutengeneza machache. Rumeni huwa na asidi, mafuta ya maziwa hupungua, kinyesi hulegea, na baada ya majuma kadhaa baadhi ya ng'ombe huanza kuchechemea kwa sababu kwato zimedhurika.

Kumsoma ng'ombe kwa saa ya mkononi

Kipimo bora cha mfugaji mdogo hakinunuliwi. Ni kuhesabu pumzi. Mtu asimame kando, mahali ambapo ng'ombe hatashtuka, atazame ubavu nyuma ya mbavu za mwisho, ahesabu unavyopanda na kushuka kwa nusu dakika, kisha azidishe kwa 2. Ng'ombe aliyetulia katika ubaridi hupumua kati ya mara 25 na 50 kwa dakika. Akivuka 60, ameanza kuelemewa. Akivuka 80, maziwa yanashuka bila shaka. Akifikia 100 na zaidi, huku kinywa kikiwa wazi, shingo imenyooshwa na mate yakidondoka, inabidi apozwe hapohapo.

Kuhesabu mchana tu hakutoshi. Hesabu yenye habari nyingi zaidi ni ya saa 11 alfajiri, kabla ya kukamua, wakati ambapo banda linapaswa kuwa limepoa kuliko saa nyingine yoyote. Ng'ombe anayepumua mara 60 alfajiri hakupata kupoa usiku kucha, na siku inayoanza itamkuta tayari amechoka. Dalili nyingine ni kusimama. Ng'ombe wa maziwa hupenda kulala kwa nusu ya siku au karibu na hapo, lakini mwenye joto husimama ili upepo upite pande zote za mwili wake. Banda ambalo ng'ombe wote wamesimama saa 8 mchana, wamejikusanya karibu na maji au upande mmoja wa kivuli, linajieleza lenyewe.

Kuhema si kwa joto la hewa pekee, na kosa hapa linaweza kuua. Ndigana kali, inayoletwa na kupe, nayo humfanya ng'ombe ahemee juujuu na kupunguza maziwa. Tofauti ni hii: joto la hewa hugusa banda zima kwa pamoja na hupungua mvua ikinyesha au upepo ukivuma, ila ndigana humshika mmoja mmoja, homa yake haishuki hata alfajiri, na tezi chini ya masikio na mbele ya bega huvimba. Kipimajoto kikionyesha nyuzi 40 na zaidi alfajiri kwa ng'ombe mmoja huku wenzake wakiwa na 38 na nusu, anayehitajika ni daktari wa mifugo, na upesi.

Paa, upepo na mti

Chukua mfano wa ng'ombe mmoja wa Muheza, chotara wa Friziani mwenye uzito wa kilo 450. Mfano huu umejengwa juu ya hali za kawaida za pwani, si wa boma fulani. Julai, wakati wa kipupwe, hutoa lita 14 kwa siku. Februari hutoa 9. Banda lake lina paa la mabati lenye kimo cha mita 2, na kuta tatu zimezibwa kwa mabanzi ili wezi wasiingie. Saa 8 mchana anapumua mara 90 kwa dakika, na saa 11 alfajiri mara 66.

Huyu ana kivuli, tena siku nzima, lakini kivuli chake kinamchoma. Mabati yaliyopigwa na jua huwa ya moto kiasi cha kuunguza mkono, na moto huo humiminika chini moja kwa moja juu ya mgongo wa ng'ombe aliye karibu nayo. Kuta nazo huzuia upepo, na hewa ya ndani hujaa unyevu wa pumzi na mkojo. Kivuli kizuri kina kazi mbili, kuzuia jua na kuruhusu upepo, na banda hili linafanya nusu ya kwanza tu.

Hatua ya kwanza ni kubomoa. Mabanzi yaondolewe kuanzia usawa wa kifua cha ng'ombe kwenda juu, na mahali pake pawekwe fito zenye nafasi au wavu imara wa kuzuia mwizi bila kuzuia hewa. Kisha paa lipandishwe, ukingo wa chini ufike mita 2 na nusu hadi 3, na kipeo cha kati mita 3 na nusu au zaidi, kikiwa na mwanya juu wa kutolea hewa moto. Makuti ni bora kuliko mabati kwa kazi hii, kwa kuwa hayapitishi joto kwa wepesi. Tabu yake ni moto na kuoza, maana baada ya miaka michache huhitaji kuezekwa upya. Aliye na mabati tayari hana haja ya kuyatupa. Kuyapaka rangi nyeupe upande wa juu, au kupachika safu ya makuti chini yake, huondoa sehemu kubwa ya ukali.

Ukubwa wa kivuli usipungue mita za mraba 4 kwa kila ng'ombe. Wakibanana, humimina joto mmoja kwa mwenzake. Mwelekeo wa banda nao ni muhimu, na hapa pwani ya Afrika Mashariki ina bahati. Paa likijengwa kwa urefu kutoka mashariki kwenda magharibi, jua la asubuhi na la jioni hugonga ncha fupi tu, na kivuli hubaki chini ya paa karibu siku nzima. Wakati huohuo pande ndefu hutazama kaskazini na kusini, ambako ndiko hutoka kaskazi na kusi. Banda moja hupata kivuli na pepo zote mbili za mwaka. Mahali pasipo na sakafu ya saruji, faida hii ina gharama yake, kwani chini ya paa lisilofikiwa na jua udongo haukauki, na tope huleta ugonjwa wa kiwele. Hapo inabidi kuzoa kinyesi kila siku na kumwaga mchanga au maranda makavu.

Mti hushinda paa lolote kwa mchana, kwa kuwa majani yake hupoza hewa yanapotoa maji. Mwembe, mkorosho na mwarobaini hutoa kivuli kizito, na lusina au glirisidia zikipandwa kama uzio hutoa kivuli chepesi pamoja na malisho yenye protini. Shina lizungushiwe miti ya kulikinga, la sivyo ng'ombe hulisugua na kukanyaga mizizi mpaka mti ufe.

Usiku mambo hugeuka. Anga ya wazi hupokea joto la mwili, na paa hulizuia. Ng'ombe aliyelala uani, penye uzio imara na ardhi kavu, hupoa haraka kuliko aliyefungiwa ndani. Kwa mfugaji anayeogopa wizi, uwanja mdogo wenye uzio uliounganishwa na banda ni fedha iliyotumika vizuri, pengine kuliko feni. Ng'ombe wa mfano alihitaji hilo kuliko kingine chochote, maana tatizo lake la alfajiri halikuwa jua.

Wapo wanaofikiria kumwagia ng'ombe maji. Njia hii hufaa, lakini kwa masharti. Maji yamwagwe mgongoni na ubavuni mpaka yafike kwenye ngozi, lita 5 hadi 10 kwa mara moja, yasitiririke mpaka kwenye kiwele, kisha ng'ombe aachwe mahali penye upepo akauke kabla ya kumwagiwa tena. Kinachopoza ni ule ukaukaji. Manyunyu laini kama ukungu hukaa juu ya nywele na huongeza unyevu wa banda, na ndani ya banda lisilo na upepo, kwenye hewa ya pwani, huzidisha mateso. Asiye na upepo wala feni aache kunyunyiza mpaka arekebishe banda.

Maji ya kunywa

Maziwa kwa sehemu ya asilimia 87 ni maji, na ng'ombe anayetoa jasho na kuhema anapoteza maji kila dakika. Ng'ombe wa mfano, mwenye kilo 450 na uwezo wa lita 14, huhitaji kunywa takriban lita 80 hadi 100 kwa siku wakati wa kaskazi. Hizo ni ndoo 4 hadi 5 za lita 20. Katika mabanda mengi hupewa ndoo moja asubuhi na moja na nusu jioni, kwa kuwa maji yanachotwa mbali, na mfugaji huamini yametosha kwa kuwa ng'ombe alipomaliza hakulia. Ng'ombe hadai maji kwa kelele. Hupunguza kula, kisha hupunguza maziwa.

Majani mabichi humsaidia kwa kiasi. Kilo 40 za majani machanga ya masika hubeba lita 30 hivi za maji ndani yake. Februari majani yamekauka na kukomaa, na mchango huo hupungua wakati uleule ambapo haja imezidi. Ndiyo sababu ndoo zilizotosha mwezi wa Mei hazitoshi mwezi wa Februari.

Maji yawepo saa zote, usiku na mchana. Pipa la lita 200 lililokatwa kwa urefu hutoa mahori mawili mazuri, mradi halikuwahi kubeba sumu wala mafuta na kingo zake zimekunjwa zisikate. Liwekwe kivulini, hatua chache tu kutoka mahali pa kulia chakula, kwani ng'ombe hunywa zaidi baada ya kula, na sehemu kubwa sana ya maji ya siku huyanywa mara tu baada ya kukamuliwa. Hori likiwa tupu katika saa ya kwanza baada ya kukamua, nafasi kubwa ya siku imepita. Maji yaliyokaa juani huwa ya uvuguvugu, na ng'ombe huyaacha. Yenye ukoka wa kijani au mabaki ya pumba hunusa na kugeuka. Kusugua hori kila baada ya siku mbili au tatu ni kazi ya dakika chache.

Visima vya karibu na bahari mara nyingi vina chumvi, na chumvi nyingi hupunguza unywaji. Namna rahisi ya kujua ni kuweka ndoo ya maji ya mvua kando ya hori la maji ya kisima na kuona ng'ombe anaenda wapi. Paa la banda lililopandishwa na kuwekewa mfereji huweza kuvuna maji ya masika na vuli kwa ajili ya miezi ya kiangazi, ingawa paa la makuti halifai kwa kazi hiyo.

Saa za kulisha na kilichomo horini

Joto la kuchachuka kwa chakula hufika kileleni saa kama 3 hadi 5 baada ya kula. Ng'ombe aliyejazwa majani saa 4 asubuhi atakuwa na moto mkubwa zaidi tumboni kati ya saa 7 na saa 9 mchana, wakati hewa nayo iko kileleni. Katika mabanda mengi ndivyo inavyokuwa, kwa sababu tu ya ratiba ya mkata majani. Ng'ombe wa mfano alikuwa akiletewa rundo lake saa 5 asubuhi. Alilionja, akasimama, na mpaka jioni rundo lilikuwa limechemka lenyewe.

Marekebisho hayagharimu ila usumbufu. Thuluthi mbili za chakula cha siku zitolewe kati ya saa 12 jioni na saa 1 asubuhi: fungu kubwa jioni jua likishuka, fungu jingine mtu anapokwenda kulala, na la tatu alfajiri wakati wa kukamua. Mchana yabaki majani kidogo tu ya kuchezea. Majani yakatwe jioni na kutandazwa kivulini, yasirundikwe, maana majani mabichi yaliyorundikwa huanza kuchachuka na kupata moto, na ng'ombe huyakataa.

Ubora wa majani una uzito kuliko wingi wake. Majani ya tembo, ambayo wengi huyaita mabingobingo, yakikatwa yakiwa na majuma 6 hadi 8 na kimo cha mita 1 hivi, huwa laini na humeng'enywa haraka. Yakiachwa yakapita kimo cha mtu, yanakuwa mashina. Ng'ombe huyatafuna muda mrefu, hupata nguvu kidogo na joto jingi. Yakatwe vipande vya sentimita 3 hadi 5. Vikiwa virefu sana atachagua majani na kuacha mashina, vikisagwa kuwa unga hatacheua. Kwa kuwa Februari majani machanga ni haba, mwenye uwezo huvundika sileji ya mahindi au mabingobingo mwezi wa Mei na kuifungua wakati wa kaskazi.

Mfugaji anapoona ng'ombe hali majani, mkono wake huenda kwenye gunia la pumba. Hapo ndipo wengi hukosea. Pumba ya mahindi huchachuka haraka, na rumeni ambayo tayari imekosa mate huzidi kuwa na asidi. Kiasi kisizidishwe kwa pupa. Kigawanywe. Kilo 6 za chakula cha ziada zilizokuwa zikitolewa mara 2 zitolewe mara 4, kilo moja na nusu kila mara, daima baada ya majani na si kabla yake. Bikaboneti ya sodiamu, ileile inayotumika jikoni kuumulia keki, gramu 100 hadi 150 kwa siku ikichanganywa na pumba, hurudisha sehemu ya kilichopotea mkojoni. Magadi yanayochotwa katika maziwa ya Bonde la Ufa si badala yake, kwa kuwa huweza kuwa na floridi nyingi inayodhuru meno na mifupa ya ng'ombe akila kwa muda mrefu. Chumvi na jiwe la kulamba viwepo wakati wote.

Mafuta hutoa nguvu bila kuchachuka rumeni, kwa hiyo hayaongezi joto kama pumba. Mashudu ya alizeti au ya nazi yaliyokamuliwa kwa mashine ndogo huwa bado na mafuta, na ni chakula kizuri cha kaskazi. Lakini mafuta yote ya chakula cha siku yasizidi asilimia 6 hivi ya chakula kikavu. Ng'ombe wa mfano hula kilo 12 za chakula kikavu, kwa hiyo kikomo chake ni gramu 700. Majani na pumba tayari humpa nusu ya hizo. Kilo 2 za mashudu yenye mafuta ya asilimia 10 huongeza gramu 200, na hapo anabaki salama. Mashudu yenye ukungu au harufu ya kuvunda yatupwe, kwani sumukuvu hupita hadi kwenye maziwa yanayonywewa na watoto.

Mabadiliko haya yote yakifanywa, ng'ombe wa mfano anaweza kurudi kutoka lita 9 hadi 11 au 12. Kurudi hadi 14 si jambo la kutegemea, kwa maana hewa ya Februari haikubadilika. Na mpangilio una maana. Aliyebadilisha saa za kulisha huku paa likiwa mita 2 na maji ni ndoo mbili na nusu atapata kidogo sana. Paa na upepo kwanza, maji pili, chakula baada ya hapo.

Ng'ombe anayesahaulika

Katika kugawa kivuli, ng'ombe aliyekaushwa huwekwa mwisho kwa kuwa hatoi maziwa. Utafiti uliofanywa kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Florida umeonyesha kuwa hilo ni kosa la gharama. Siku 60 za mwisho wa mimba ndizo kiwele kinapojijenga upya. Ng'ombe aliyepitisha siku hizo katika joto kali hutoa maziwa machache zaidi katika uzao wote unaofuata, hata kama amezaa kipupwe. Ndama wake huzaliwa mdogo, na akiwa jike, hutoa maziwa pungufu atakapokua. Kushika mimba nako huathirika. Dalili za kutaka dume huwa fupi na hutokea usiku, na kijusi cha siku za mwanzo hufa kwa urahisi mama akiwa na homa ya joto. Mfugaji wa pwani anayepanga uhimilishaji wake ili ng'ombe wakauke nje ya miezi ya Januari hadi Machi hupata faida bila kununua chochote.

Mbegu nayo inaweza kuchaguliwa. Jezi ni mdogo wa mwili na huvumilia kuliko Friziani, na machotara wenye damu ya Sahiwal au Mpwapwa huvumilia zaidi, wakitoa lita chache kwa uhakika mkubwa. Kwa aliye na Friziani tayari bandani, kazi ya kupandisha paa, kufungua kuta na kuweka hori kubwa ifanywe Septemba na Oktoba, kabla kaskazi haijaanza kuvuma.